Jinsi ya Kuyashinda Mabasi Bila Kutoka Ofisini

Bosi amerudi kutoka semina Dodoma na sasa anataka jedwali la washindani, liwe mezani Ijumaa. Kampuni yenu inapeleka vifurushi kutoka Mwanza hadi Geita, Kahama, Musoma na Bukoba. Ina magari manne, na leseni ya TCRA imening'inia ukutani nyuma ya kaunta. Swali lake ni moja: tuko wapi sokoni? Jibu analo tayari, ila anataka na jedwali lilijue. Tulia, ndugu yangu. Kazi hii inafanyika bila kutoka jasho.

Chombo chenyewe ni kile kinachofundishwa kwenye vitabu vya mikakati kama cha Fred David. Unaorodhesha mambo yanayomfanya mteja amchague huyu na kumwacha yule. Kila jambo unalipa uzito, na uzito wote ukijumlishwa lazima ufike 1.00. Kisha kila kampuni inapata alama: 4 ni uimara mkubwa, 3 uimara mdogo, 2 udhaifu mdogo, 1 udhaifu mkubwa. Unazidisha uzito kwa alama, unajumlisha, basi. Uzito ni mmoja kwa kampuni zote. Kinachotofautiana ni alama. Kumbuka sentensi hiyo, maana ndiyo tutakayoizunguka wiki nzima.

1. Tengeneza la kweli kwanza, nyumbani, usiku. Anayetaka kuukwepa ukweli lazima ajue umelala wapi, asije akaukanyaga. La kwangu lilikuwa hivi:

| Jambo | Uzito | Sisi | Mabasi | Kampuni ya kimataifa |
|---|---|---|---|---|
| Kufika kwa wakati | 0.30 | 2 | 3 | 3 |
| Bei | 0.25 | 2 | 4 | 1 |
| Usalama wa mzigo | 0.20 | 3 | 2 | 4 |
| Wingi wa vituo | 0.15 | 2 | 4 | 1 |
| Kufuatilia mzigo | 0.10 | 4 | 1 | 4 |
| Jumla | 1.00 | 2.40 | 3.00 | 2.50 |

"Mabasi" hapa ni kile kidirisha cha vifurushi pale stendi, chenye kijana mmoja, kalamu ya wino mzito na rundo la maboksi. Huyo ndiye aliyetushinda. Sisi tumeshika mkia.

Usilie kwa sababu ya mkia. Kati ya 2.40 na 2.50 hakuna kitu: tupe alama 3 badala ya 2 kwenye bei, tunaruka hadi 2.65 na kuipita ile ya kimataifa. Nafasi inayobadilika kwa alama moja tu ni bahati nasibu yenye desimali. Ya mabasi ndiyo haitikisiki. Hata tukiongezwa alama hiyo, bado wanatutazama kutoka juu. Likunje jedwali hili, liweke chini ya godoro.

2. Hamisha uzito. Watu wengi hukimbilia kujiongezea alama. Huo ni ushamba. Alama zina mashahidi: mhasibu anaijua bei yenu, dereva anajua mnafika saa ngapi. Uzito hauna shahidi. Nani aliyewahi kumwona mteja akisema "kwangu mimi bei ni 0.25"? Basi chukua jambo mnaloliweza, kufuatilia mzigo, ulipe 0.40. Usalama wa mzigo upe 0.30. Wakati, bei na vituo wagawane kilichobaki, 0.10 kila mmoja. Piga hesabu: sisi 3.10, mabasi 2.10. Umewapita kwa alama nzima, na hujagusa alama hata moja.

Ila angalia safu ya mwisho kabla hujaagiza soda. Kampuni ya kimataifa imepata 3.30. Ndiyo adha ya kuhamisha uzito: ukilinenepesha jambo unaloliweza, unamnenepesha na kila mwingine anayeliweza, na wao wanaliweza kama wewe huku usalama wakikuzidi. Usirudi nyuma. Nenda hatua ya tatu.

3. Chagua nani aitwe mshindani. Andika chini ya jedwali kwa herufi ndogo: "Kampuni ya kimataifa haikujumuishwa kwa kuwa inahudumia soko tofauti." Sentensi hii ina faida moja kubwa, kwamba kwa nusu ni kweli. Anayetuma pasipoti Dubai si yule anayetuma vioo vya simu Kahama. Hakuna atakayekuuliza kuhusu nusu ya pili.

Nafasi iliyobaki usiiache wazi, maana jedwali la kampuni mbili linafanana na ugomvi. Mweke bodaboda wa kijiweni Nyegezi. Mpe 1 kwenye usalama, 1 kwenye vituo, 1 kwenye kufuatilia mzigo, lakini mpe 3 kwenye wakati na 3 kwenye bei. Ukimpa 1 kila mahali watu wataona umemleta apigwe.

4. Pasua jambo moja liwe matatu. Uzito wa 0.40 kwenye mstari mmoja unapiga kelele. Hata aliyesinzia mkutanoni atafumbua jicho. Ugawe: nambari ya mzigo 0.15, meseji kwa mteja 0.15, programu ya simu 0.10. Sasa una mistari mitatu minyenyekevu, na katika yote sisi tuna 4 na mabasi wana 1. Ni kitu kilekile kimehesabiwa mara tatu. Mtu makini hukitambua upesi, kwa sababu mistari ikiwa na alama zilezile kwa kila kampuni, huo ni mstari mmoja uliovaa nguo tatu. Omba mtu makini awe safarini.

5. Chagua saa ianze lini. Hapa ndipo utakapopata starehe kamili ya kazi hii. Mteja analeta boksi kaunta Jumatatu saa kumi na moja jioni. Gari linaondoka Jumanne saa kumi na mbili asubuhi na kufika Bukoba saa saba mchana. Boksi linapangwa, linaandikwa, na mwenye duka anapigiwa simu saa kumi jioni. Kwa saa ya mteja, boksi limekaa mikononi mwenu masaa 23. Kwa saa yako linachukua masaa saba, kwa sababu saa yako inaanza gurudumu likizunguka na kusimama gari likisimama. Andika saba. Chini yake andika "muda wa usafirishaji", wala hutakuwa umemdanganya mtu; hayo ndiyo masaa ambayo boksi lilisafiri. Masaa 16 mengine lilikuwa linapumzika.

Kuna njia ya kupima ambayo lazima uikwepe kama ukoma. Ni kuchukua maboksi kumi yanayofanana, kilo tatu kila moja, na kuyatuma Bukoba siku moja, mengine kupitia kwenu na mengine kwa mabasi. Mpokeaji awe mtu mmoja asiyejua yanatoka kwa nani, aandike lini alilishika kila boksi, na limepondeka au la. Gharama yake ni nauli ya vifurushi kumi tu. Kwa bei hiyo mtu anaweza kuharibu jedwali zima.

6. Usiguse jedwali la zamani kama lilikupendelea. Miaka ya nyuma tulijipa 4 kwenye wakati kwa njia ya magharibi, na tulistahili. Gari letu moja lilikuwa linalala ng'ambo ya Busisi, mizigo inavushwa kwa mkono kivukoni, na mabasi yanabaki kwenye foleni. Hiyo ilikuwa akili ya kweli, aliyeibuni apewe heshima yake. Kisha Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na kila mwenye magurudumu sasa anavuka kwa dakika chache. Foleni iliondoka na uimara wetu ukaondoka nayo. Alama 4 ilibaki kwenye faili. Usiiamshe. Ukiulizwa, sema jedwali limeandaliwa "kwa kuzingatia uzoefu".

7. Zuia watu wawili wasiingie mkutanoni. Wa kwanza ni mhasibu. Atabonyeza seli ya jumla na kukuta:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$B$8,C2:C8)
```

Hapo hana neno. Lakini akishaiona safu ya B ataijumlisha ile mistari mitatu, atabadilisha 0.40 yake kuwa 0.35 na kuupa wakati ile 0.05, kisha 0.30, huku akiangalia nani anapanda na nani anashuka. Dakika tatu zinamtosha. Kwa hiyo leta karatasi iliyochapishwa. Karatasi haibonyezwi.

Wa pili ni hatari zaidi: dada wa kaunta yetu ya Bukoba. Huyu anaongea na wateja, tabia mbaya sana kwa mtu wa jedwali. Mimi nilikosea, nikamuuliza kwa simu kwa nini mama mmoja mwenye duka la vipuri ametuhama akaenda mabasi, wakati mabasi hawana hata nambari ya mzigo. Nilitegemea aseme bei.

"Kaka, wanayo," akanijibu. "Akishakabidhi boksi kule Mwanza, kijana wake anampigia picha boksi na namba ya gari, anamtumia wasapu pamoja na simu ya konda. Akitaka kujua mzigo uko wapi anampigia konda. Konda anamwambia, 'Mama, tuko Biharamulo.' Programu yetu inamwambia 'Unashughulikiwa'."

Nilikaa kimya. Ile alama 1 niliyowapa mabasi kwenye kufuatilia mzigo ilikuwa inapima programu, na mama wa vipuri alikuwa anapima jibu. Ukimsikiliza yeye, mabasi wanastahili 3. Kwenye jedwali la chini ya godoro wanapanda hadi 3.20. Na kwenye lile letu zuri, ambako tumelipa jambo hilo 0.40, wanaruka kutoka 2.10 hadi 2.90, wanatupumulia kisogoni. Tuliunenepesha mstari ule kwa ajili yetu, kumbe tumewaandalia wao. Dada wa kaunta hakualikwa mkutanoni. Mtandao wa Bukoba ulisemekana una shida siku hiyo.

8. Wasilisha Ijumaa saa kumi jioni. Watu wanawaza foleni ya kurudi nyumbani. Onyesha jumla kwanza, mistari baadaye, uzito usiuonyeshe kabisa. Sema "tatu nukta moja sifuri" polepole. Desimali mbili hunyamazisha wanaume wazima. Bosi atatabasamu na kuuliza tufanye nini ili tuzidi kuongoza. Jibu: programu mpya ya simu, bora kuliko ile ya zamani. Litapita bila kupingwa.

Kisha atataka nakala ya ripoti ifike matawi yote kabla ya Jumatatu asubuhi, Bukoba kwanza. Gari letu haliendi Jumapili. Zifunge nakala vizuri kwenye bahasha ya kaki, andika jina la dada wa kaunta kwa wino mzito, wahi stendi alfajiri. Piga picha ya bahasha na namba ya basi. Na usisahau kuomba simu ya konda.