Ombi la Pili kwa Madamu wa Ghala

Mheshimiwa Madamu,

Sisi ni wakulima wa mahindi wa Tongaren. Tunakuomba radhi kwa kukurudia. Ujumbe wetu wa kwanza ulikufikia kwa simu mwezi wa Juni, ukauliza kama ungependa kuzungumza kuhusu nafasi ya meneja wa ghala la ushirika wetu. Hatukupata jibu, nasi hatukudai haki ya kulipata. Wewe una kazi, una wakubwa wako, na wakulima wengi hungoja neno lako kabla ya kushusha gunia. Ndiyo maana jina lako na mahali unapofanyia kazi havimo humu. Barua ni ya wazi kwa sababu ghala ni la wanachama, nao wanastahili kuona masharti tunayokupa.

Niruhusu kwanza nikueleze tulivyokufahamu. Katika maonyesho ya kilimo ya Kitale, mwanachama wetu mmoja, mama mzee wa Ndalu, alikuuliza kwa uchungu kwa nini mahindi yake hupungua kilo akiyapeleka kukaushwa. Ulimwekea punje kwenye kipima unyevu, kikasoma asilimia 18. Kisha ukapiga hesabu mbele yake. Gunia la kilo 90 lenye unyevu huo lina kilo 73.8 za nafaka kavu, na kilo zinazobaki ni maji. Likikaushwa hadi asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa sokoni, gunia lile lile litakuwa na kilo 85 na kitu kidogo. Hakuna aliyemwibia, kilichoondoka ni maji. Lakini ulimwambia pia kwamba ghala likimkata zaidi ya hapo, ana haki ya kuuliza zilikokwenda. Alirudi nyumbani akitufundisha hesabu hiyo.

Madamu, hapo ndipo penye shida yetu. Mashine ya kukaushia tunayo na mizani tunayo. Tunachokosa ni mtu ambaye mkulima ataamini kipimo chake mbele ya mizani. Msimu uliopita wanachama wetu wengi waliwauzia madalali mahindi mabichi kando ya barabara, kwa bei ya chini, kwa kuwa waliona afadhali hasara wanayoielewa. Wengine waliyafungia nyumbani yakiwa na maji, yakaota ukungu. Tena ukungu ukiingia, kuanika hakuondoi sumu ya aflatoksini iliyokwisha kujijenga ndani ya punje.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, tunakuwekea mezani yale ambayo mtu mwenye kazi nzuri huhitaji kuyajua kabla hajajisumbua kujibu. Mshahara ni shilingi 85,000 kwa mwezi kabla ya makato, pamoja na nyumba ya vyumba viwili karibu na ghala. Mkataba ni wa miaka 2 kwa maandishi, na miezi 3 ya kwanza ni ya majaribio. Uamuzi wa kukataa shehena yenye unyevu au ukungu utakuwa wako, hata kama shehena ni ya mwenyekiti. Jambo hilo kamati imeliandika katika kumbukumbu za kikao. Maabara hatuna, hivyo sampuli za aflatoksini zitapelekwa kupimwa nje kwa gharama ya ushirika. Umeme hukatika, nayo mashine hutumia dizeli. Hatutaki uje kuyagundua hayo ukiwa umeshahama.

Kuhusu tarehe, utuwie radhi, tunabanwa na mahindi yenyewe. Uvunaji huku huanza kushika kasi mwezi wa Oktoba, na meneja anahitaji wiki kadhaa za kukagua mashine na mizani kabla magunia hayajafika. Tungependa aanze tarehe 10 Septemba. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, nasi hatungependa uondoke kwa mwajiri wako vibaya. Ndiyo sababu mahojiano tumeyaweka tarehe 5 Agosti, ili atakayechaguliwa aweze kuandika notisi kufikia tarehe 10. Kama mkataba wako unadai notisi ndefu zaidi, tafadhali tuambie, nasi tutamwomba karani ashikilie ghala kwa muda.

Hatuwezi kukuahidi kazi. Nafasi imetangazwa, na wengine wameomba. Tunaloliomba kwako ni mazungumzo ya simu ya nusu saa, jioni, saa utakayoichagua wewe, kabla ya tarehe 31 Julai. Namba ni ile ile iliyokuandikia Juni. Neno moja, "ndiyo" au "hapana", linatosha, na "hapana" haihitaji sababu. Ukikaa kimya hadi tarehe hiyo tutaelewa, hatutakuandikia mara ya tatu, na namba yako tutaifuta katika simu ya ofisi.

Kwa heshima kuu,

Mwenyekiti wa Kamati ya Ajira,
kwa niaba ya wanachama, Tongaren