Namna ya Kuidanganya Monita Mara Milioni 25 kwa Sekunde

Wapo watu wanaochomeka kebo, wakaona picha, wakaridhika na maisha. Mwongozo huu hauwahusu. Umeandikwa kwa ajili ya yule aliyekwisha kununua bodi ya FPGA, tuseme Basys 3, akapata monita ya mtumba yenye tundu la pini 15, na sasa anataka kuchora mraba mmoja mweupe ambao simu ya mwanawe ingeuchora kabla hajamaliza kuomba. Tutatumia VGA ya pikseli 640 kwa 480, iliyotolewa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2. Tumeichagua kwa sababu haina siri yoyote, kwa hiyo ukikwama hutakuwa na wa kumlaumu.

Anza kwa kupuuza kila kisichoonekana. Una pikseli 640 kwa mstari na mistari 480, basi andika kaunta moja ihesabu 640 na nyingine 480, kisha uende ukanywe chai. Ukirudi, monita itakuwa imeandika `Out of Range` au imelala kabisa. Sababu ni ya kizee. Vipimo hivi vilitungwa enzi za skrini za kioo kinene, ambamo mwale wa elektroni ulichora mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ukazimwa na kurudi upande wa kushoto bila kuchora, kama mkulima anayerudi mwanzo wa tuta jembe likiwa begani. Mwendo huo wa kurudi ulihitaji muda. Skrini bapa za leo hazina mwale wala cha kurudisha, ila zinaudai muda uleule, tena kwa ukali zaidi.

Kwa hiyo mstari mmoja si 640 bali ni 800. Baada ya pikseli 640 zinazoonekana kuna baraza ya mbele ya 16, ambapo unanyamaza. Kisha kuna pigo la ulandanishi la 96, ambapo waya wa ulandanishi wa mlalo unashuka hadi sifuri. Mwisho kuna baraza ya nyuma ya 48, ambapo unanyamaza tena. Kwa wima mambo ni hayohayo ila sasa unahesabu mistari: 480 inayoonekana, 10, 2, na 33, jumla 525. Zidisha 800 kwa 525 upate tiki 420,000 kwa kila picha, ambazo 112,800 kati yake, zaidi ya robo, ni za kutoonyesha kitu. Asiyependa kulipia giza atafute kazi nyingine.

Kasi rasmi ya pikseli ni megahezi 25.175. Bodi yetu ina saa ya megahezi 100, nayo ukiigawa kwa 4 unapata 25 kamili. Upungufu huo unashusha picha kutoka 59.94 hadi 59.52 kwa sekunde, na sijaona monita iliyolalamika. Hapa ndipo mwongozo mwingine ungekushauri utengeneze saa mpya kwa kaunta ya biti mbili na kuipeleka kila mahali kana kwamba ni saa halali. Usifanye hivyo, hata kwa kejeli. Acha saa ya megahezi 100 iendeshe kila kitu, kisha tengeneza waya mmoja wa ruhusa, tuuite `tiki`, unaowaka mara moja katika kila mapigo manne. Halafu andika hivi:

```verilog
always @(posedge clk)
  if (tiki) begin
    if (h == 799) begin
      h <= 0;
      v <= (v == 524) ? 0 : v + 1;
    end else
      h <= h + 1;
  end
```

Ukitaka kupoteza Jumamosi yako kwa heshima, chukua sehemu ya `v` uiweke katika kizuizi chake cha pembeni, ili msimbo “upendeze”, na usahau kuipa `tiki`. Tazama matokeo yake. Kaunta ya mlalo inakaa kwenye 799 kwa mapigo manne ya saa kabla ya kuruhusiwa kurudi sifuri. Kaunta ya wima, isiyojua habari za ruhusa, inaiona 799 mara nne, na inaongeza moja mara nne. Kila mstari mmoja wa kweli unahesabiwa kuwa minne, na picha inakwisha baada ya mistari takriban 131 badala ya 525. Mstari wenyewe uko sawa, kilohezi 31.25, lakini picha zinakimbia 238 kwa sekunde.

Uzuri wa kosa hili ni kwamba lina pacha. Aliyesahau `tiki` kote, akaziacha kaunta zote mbili zikimbie kwa megahezi 100, naye anapata picha 238 kwa sekunde, barabara. Ukipima kasi ya ulandanishi wa wima peke yake huwezi kuwatofautisha. Pima wa mlalo: wa kwanza atasoma kilohezi 31.25, wa pili 125. Baadhi ya monita zinaonyesha namba hizi zenyewe pamoja na lile onyo. Zisizoonyesha zinahitaji osiloskopu, au rafiki mwenye osiloskopu, ambaye ni nafuu zaidi lakini atataka kueleza.

Kuhusu upana wa kaunta, bana matumizi: ipe `h` biti 9. Biti 9 zinaishia 511, hivyo `h` haitaiona 799 milele. Pigo la mlalo, linaloanza 656, halitatokea, `v` haitasogea, nyaya zote mbili zitakaa kimya na monita itasema `No Signal`. Hilo angalau ni kosa lenye adabu, linajitangaza. Mbunifu wa kweli anaipa `h` biti 10 na `v` biti 9. Hapo pigo la wima linatokea vizuri kabisa, kwa sababu 490 na 491 zimo ndani ya 511, ila picha inazunguka baada ya mistari 512 badala ya 525. Kasi inapanda hadi 61 na kidogo, monita inaweza kukubali bila neno, na baraza ya nyuma imepungua kutoka mistari 33 hadi 20. Mistari 13 ya juu inaweza kukatwa. Utaishi na picha isiyo na kichwa kwa wiki kadhaa ukidhani ndivyo monita za mtumba zilivyo.

Sasa ishara zenyewe. Kwa hali hii zote mbili hukaa juu na kushuka wakati wa pigo:

```verilog
hs <= ~(h >= 656 && h < 752);
vs <= ~(v >= 490 && v < 492);
```

Ukigeuza mwelekeo wa `vs` peke yake, monita za zamani zitadhani unatuma mistari 400, maana hivyo ndivyo IBM walivyozifundisha kutofautisha hali. Picha itatokea, imevutwa kwa wima, na wageni watadhani ni sanaa.

Wapenda makosa ya kimyakimya nawapendekezea kubadili `h == 799` kuwa `h == 800`. Inasomeka vizuri zaidi, si ndiyo? Mstari una 800, tumeandika 800. Kwa kuwa tunaanza kuhesabu sifuri, mstari sasa una tiki 801. Monita inapokea, mraba unaonekana, sherehe inaanza. Lakini skrini bapa haipewi saa ya pikseli kupitia kebo ya VGA. Inaitengeneza yenyewe, kwa kuchukua mapigo ya mlalo na kugawa kila mstari katika vipande 800. Wewe umetuma 801. Sampuli zinaanza katikati ya pikseli, na zinasogea taratibu hadi mahali fulani kwenye mstari zinaangukia mpakani, nusu pikseli hii na nusu ile. Kwa mraba mweupe hutaona lolote. Chora nguzo za pikseli moja moja, nyeusi na nyeupe kwa zamu, skrini nzima, na utaona ukanda wa wima ambapo nguzo zimegeuka uji wa kijivu. Ukanda huo ndio ile tiki moja ya ziada.

Nimekuwekea kosa ninalolipenda mwisho, kwa sababu linamfanya mtu atilie shaka macho yake. Unataka skrini yote iwe nyekundu. Njia fupi ni kuweka biti zote nne za nyekundu kuwa 1 siku zote, bila kujali kaunta ziko wapi:

```verilog
r <= 4'hF;
```

Mantiki yako haina dosari: nyekundu kila mahali, ikiwemo sehemu isiyoonekana, ambako nani ataiona? Skrini inatoka nyeusi, au nyekundu hafifu kama kaa linalozimika. Unapima waya wa nyekundu, una volti 0.7, kiwango cha juu kabisa. Unabadilisha kebo. Unabadilisha monita. Unafikiria kubadilisha fani.

Kumbe monita haijui nyeusi ni volti ngapi. Inajifunza upya kila mstari, kwa kuangalia nyaya za rangi wakati wa baraza ya nyuma, pale ulipotakiwa kunyamaza, na kuchukua kiwango inachokikuta kuwa ndicho giza. Umeikuta ikisikiliza ukaipa 0.7. Basi 0.7 ndiyo nyeusi, na picha yako yote ina 0.7. Ndiyo maana anayetuma nyekundu wakati wa kunyamaza, kisha akachora picha nyeupe, anapata samawati ya kijani: nyekundu imefutwa, mbili zilizobaki zimesalia. Dawa ni maneno machache:

```verilog
r <= (h < 640 && v < 480) ? 4'hF : 4'h0;
```

Kisha kagua kwa fremu nyeupe ya pikseli moja kwenye nguzo ya 0 na ya 639, mstari wa 0 na wa 479. Pande zote nne zikionekana, kaunta zako zinasema kweli.

Kama upande mmoja umepotea, bonyeza kitufe cha marekebisho ya otomatiki cha monita wakati fremu hiyo ikiwa bado kwenye skrini. Monita hutafuta kingo za picha na kuzisogeza mahali pake. Wasiopenda ushauri wabonyeze wakati skrini ni nyeusi yenye mpira mmoja wa mchezo katikati. Monita itachukua kingo za mpira kuwa kingo za picha, itasogeza kila kitu, nao watarudi kwenye msimbo na kubadili baraza ya nyuma kutoka 48 hadi 61 ili picha ikae sawa. Itakaa sawa kwenye monita hiyo tu.