Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Idara ya Mikopo: Ombi la Kuvuna Mahindi Kila Tarehe 30

Ndugu Mkuu wa Idara,

Nimepokea ratiba yenu ya marejesho ya trekta: awamu 36 zinazolingana, kila tarehe 30. Hata Februari, mwezi usio na tarehe hiyo, haukusamehewa. Ratiba ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba mahindi hayajapata nakala.

Nawaombeni basi mwiandikie Mamlaka ya Hali ya Hewa, mvua zetu zigawanywe mara 12. Kwa sasa zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, kama zimekuja. Trekta linalima kuanzia Novemba hadi Januari. Baada ya hapo linakaa. Mita ya saa za injini, ile iliyo kwenye dashibodi, inasimama namba ileile Februari, Machi na Aprili, na kuku wa mke wangu wanatagia chini ya trela. Linaamka Julai kupukuchua na kubeba magunia. Afisa wenu aliyekuja kukagua hakuitazama mita hiyo. Aliniomba hati ya mshahara.

Niliomba mkopo Agosti ili nilime Novemba. Mliidhinisha Februari, mahindi ya jirani yakinifika magotini, na rejesho la kwanza likawa Machi. Siwalaumu, kamati lazima ikae.

Sasa tupige hesabu pamoja. Trekta na jembe lake ni milioni 60. Natanguliza milioni 12, inabaki 48, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio, miaka mitatu. Kwa ratiba yenu nalipa karibu milioni 1.735 kila mwezi, jumla kama milioni 62.5. Mimi napendekeza mkopo utolewe mwisho wa Agosti, nami nilipe mara mbili kwa mwaka. Mwisho wa Februari milioni 7, kwa sababu nikiwalimia majirani ekari 300 kwa 50,000, nikatoa dizeli, posho ya dereva na vipuri, nabaki na nusu hivi ya pesa hiyo. Mwisho wa Agosti milioni 14.73, kutoka kwenye kupukuchua, kubeba mizigo na mahindi yangu mwenyewe.

Najua mtasema riba inalala kwenye salio miezi mingi. Kweli. Jumla yangu inafika milioni 65.2, yaani nawalipa milioni 2.7 zaidi. Nakubali, tena kwa furaha. Rejesho la Machi kwa ratiba yenu hulipwa kwa kuuza mahindi yangali mabichi shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi. La Aprili hulipwa kwa mkopo wa mtu wa mtaani. La Mei halilipwi, na faini inaanza. Hiyo milioni 2.7 ndiyo nafuu kuliko zote.

Afisa wenu, kijana mwenye adabu, alinishauri nihamie kwenye karadha. Akanieleza vizuri: kampuni yenu inanunua trekta, kadi inabaki kwa jina lake, mimi natumia na kulipa, na mwisho wa mkataba linakuwa langu kwa kiasi kidogo. Dhamana ni trekta lenyewe, na sheria ya mwaka 2008 inaitambua biashara hiyo. Nikafurahi, maana hati yangu ya kimila ingebaki sandukuni. Kisha akanipa fomu, na kwenye ukurasa wa nne ikadaiwa hati ya nyumba. Naomba kuelimishwa: kama trekta ni lenu, nyumba yangu inadhamini nini? Labda mnaogopa mtajikimbia wenyewe.

Nikasoma tena mkataba, safari hii kwa miwani. Bima ni juu yangu, matengenezo ni juu yangu, na nikichelewa awamu mbili mnalichukua. Kwenye mkopo, mkinadi trekta langu na bei ikazidi deni, kinachozidi ni changu. Kwenye karadha yenu sikuona kipengele cha ziada hiyo. Nikiwa nimeshalipa theluthi mbili, nitabaki na kumbukumbu ya kulima. Na ratiba yake? Awamu 36, tarehe 30.

Kwa hiyo sichagui kati ya mkopo na karadha mpaka kipengele hicho kiandikwe na tarehe zibadilishwe. Karadha yenye Februari na Agosti nitaisaini leo, bila nyumba.

Na kama jibu ni hapana, mtume dalali wenu Machi. Mwezi huo barabara ya kwetu ni tope, na lori lake halitafika bila kuvutwa na trekta. Kuvuta lori ni shilingi laki moja, taslimu. Nitaileta benki tarehe 30.

Wenu katika deni,
Mkulima, Kiteto