Mjomba Kafika, Begi Halijafika

Mjomba wa bwana harusi ana kazi zake, na hakuna hata moja inayofanyika kwa jinzi. Hilo nililijua tangu Dar es Salaam. Ndiyo maana kanzu yangu, kofia na viatu vipya nilivilaza mwenyewe begini, kwa adabu, juu ya kilo mbili za dagaa wa Kigoma alioagiza dada yangu anayeishi Maskati. Mwilini nikabaki na fulana, jinzi na makobazi, kwa sababu safari ilikuwa ya usiku na mimi napenda kulala kwa raha.

Njiani tulibadilisha ndege, tukahama na shirika, ingawa tiketi ilikuwa moja. Nafasi ya kuunganisha ilikuwa dakika 50. Mimi niliwahi kwa kukimbia. Begi lina magurudumu manne, lakini halikuwahi.

Maskati nikasimama kwenye mkanda wa mizigo Jumatano usiku. Watu wakachukua vyao, wakaondoka. Mwisho tukabaki mimi na boksi moja lililofungwa kamba ya katani, tukitazamana kila lilipozunguka. Mkanda ukazimwa. Nikanong'ona neno ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kulisema mbele za watu.

"Pole, mzee wangu," sauti ikajibu nyuma ya dawati la mizigo, kwa Kiswahili kilichonyooka. Kijana wa Kiomani, kavaa kofia yake vizuri. "Bibi yangu kazaliwa Unguja. Hilo neno alikuwa akilisema akiunguza mkate."

Aibu ikanishika, lakini msaada nikaupata. Akaniwekea karatasi yenye picha za mabegi ya kila umbo, kama ubao wa kinyozi wenye mitindo ya nywele.

"Lako lipi hapa?"

"Hili. Jeusi."

"Mzee, usiku huu nimeshaandika meusi matano. Lina alama?"

"Mke wangu alilifunga utepe mwekundu, nikaufungua. Niliona unanivunjia heshima."

Akaandika kimya kimya. Sikumwambia kuhusu dagaa, ingawa nadhani ndiyo ingekuwa alama ya uhakika zaidi. Kisha akanipa taarifa ya upotevu, ile wanayoiita PIR, yenye namba inayoanza na MCT, yaani uwanja wa Maskati, halafu herufi mbili za shirika na tarakimu tano. "Itunze pamoja na kile kibandiko cha begi ulichopewa Dar. Na ukinunua kitu cha lazima, omba risiti."

Kibandiko! Kile nilikuwa nimebandikia ubani wa kutafuna. Namshukuru Mungu sikuwa nimekitupa.

Alhamisi dada akanipeleka sokoni Matrah. Kanzu riali 15, kofia 8, viatu 9, nguo za ndani 4, mswaki, dawa ya meno na kiwembe 2. Nilikuwa naomba risiti hadi wauzaji wakaanza kunitilia shaka. Tulipofika kwenye udi, dada akasimama. "Kaka, mjomba mtu hanukii sabuni." Riali 12. Nikaomba risiti.

Harusi ikapita Ijumaa, na nilipendeza, wasiobisha wapo. Begi likaja Jumatatu, limeletwa na dereva aliyekuwa ameshusha vioo vyote vya gari katika joto lile la Maskati. Dagaa walikuwa salama. Kanzu yangu nzuri ilikuwa imeshakuwa mmoja wao.

Mimi kwa akili yangu mambo yalikuwa yameisha. Begi limekuja, taarifa niliandika uwanjani, pesa zitakuja zenyewe. Nikarudi Dar nikawa namsimulia jirani yangu anayekata tiketi Kariakoo, nikicheka. Yeye hakucheka.

"Begi ulilipokea lini?"

"Wiki mbili na siku tano sasa."

"Basi umebakiwa na siku mbili, kaka. Amka."

Ndipo akanieleza jambo ambalo kijana wa Maskati hakulitaja, na mimi sikuuliza. PIR inaonyesha tu kwamba begi halikuonekana. Kudai ni kazi nyingine. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Oman zote ni wanachama, begi lililochelewa linadaiwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lililoharibika, siku 7. Zikipita hujatuma chochote, dai limekufa, hata kama una risiti za soko zima. Na begi ambalo halijaonekana kabisa mpaka siku 21 zipite tangu siku lilipopaswa kufika, hilo unaruhusiwa kulidai kama lililopotea.

"Na wananilipa ngapi?" Hapo nilishasogea kitini. Nilikuwa nimesikia kuna kiwango kikubwa.

Kipo. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho kinapita dola 2,000 kidogo. Nikaanza kujenga choo cha nje kichwani. Jirani akakibomoa palepale: hicho ni kikomo, si zawadi. Wanalipa hasara uliyoithibitisha, mwisho wake ni hapo. Hasara yangu ilikuwa kanzu na mswaki.

Usiku ule ule nikaandika barua pepe. Nikaweka tarehe ya safari, namba ya PIR, namba kumi za kibandiko, siku niliyopokea begi, na orodha ya vitu na bei, risiti zote nimezipiga picha. Nikaituma kwa shirika lililonifikisha Maskati. Wakajibu kwa upole kwamba begi lilibaki mikononi mwa wenzao, niwaandikie hao. Nikawaandikia. Hao nao, kwa upole uleule, wakasema anayehusika ni aliyenifikisha mwisho. Nikawa mpira wa netiboli.

Jirani akanipa sentensi moja ya kuongeza: kwa mizigo, mkataba unamruhusu abiria kumdai msafirishaji wa kwanza au wa mwisho, na lawama wagawane wenyewe. Nikaibandika kwenye barua, nikaituma kwa wote wawili ili kila mmoja aone jina la mwenzake. Upole ukapungua, kazi ikaanza. Kabla hawajalipa waliniletea fomu ya kusaini kwamba sina dai lingine lolote. Niliisoma mara tatu, nikahakikisha kiasi kimeandikwa, ndipo nikasaini.

Baada ya wiki tisa zikaingia riali 38, karibu dola 99. Kanzu, kofia, viatu, nguo za ndani, mswaki na wenzake, vyote vimo. Udi waliukataa kwa mstari mmoja: si kitu cha lazima. Nikampigia dada kumweleza. Akakaa kimya, kisha akasema, "Hao hawajawahi kuwa na mjomba."

Kwa hiyo wewe ambaye begi lako lililochelewa limeshaletwa nyumbani na umelisukuma chini ya kitanda, hebu angalia kalenda. Kama siku ya 21 haijapita, andika leo. Risiti ya udi usijisumbue kuitafuta.