Profoma ya Mei Mosi

Geita ni mji unaopima dhahabu hadi sehemu ya mia ya gramu, lakini afisa utumishi wake anaagiza fulana 300 za Mei Mosi hivi: "Saizi za kawaida, fundi, na bei utuhurumie." Saizi za kawaida! Orodha ikija, nusu ni XXL, nazo zina bei yake. Profoma inabadilika, analalamika kana kwamba matumbo yao nimeyalisha mimi.

Nembo ina rangi tatu, basi ni fremu tatu, na gharama ya fremu ni ileile hata ungeagiza fulana kumi. Kwanza inachapwa sampuli moja, wanaisaini, ndipo siku 10 za kazi zianze kuhesabiwa. Sampuli ilipelekwa Aprili 8. Bosi yuko safarini. Kaiona kwenye picha, kasema dhahabu ya nembo haing'ai. Mzee, wino wa kawaida kwenye pamba hukauka kama haradali. Kilichokuwa kinang'aa ni kioo cha simu yako.

Saini imefika Aprili 27, Muungano umeshapita, ikiambatana na swali: na kofia je, mtaziwahi?