Komande Zimejaa, Chungu Kitupu

Wanaosema simu imerahisisha kazi wangetaja na jina la aliyerahisishiwa. Katika nyumba yangu hapa Kindu ni mama watoto. Zamani alikaa sokoni na beseni lake kutwa nzima, akinyunyizia lengalenga maji isinyauke, akirudi jua limekwisha zama. Siku hizi saa nne ya asubuhi amemaliza biashara, amenyoosha miguu, simu iko kifuani. Anayekanyaga pedali za kinga kuwafikishia watu mboga ni mimi, mwenye magoti ya zamani za Zaire.

Aliyetuletea haya ni kijana wetu. Jioni moja alimkuta mama yake anahesabu noti, akachuchumaa kando ya beseni.

"Mama, leo ulinunua mafungu mangapi?"

"40."

"Kwa bei gani?"

"300 moja, nauza 500."

"Umeuza mangapi?"

"28. Mungu ashukuriwe."

Kijana akachukua kalamu. Mafungu 40 yalimla mama yake franga 12,000. Yale 28 yakamrudishia 14,000. Faida 2,000, kwa kutwa nzima juani. "Sasa ungejua tangu jana kwamba watakuja wateja wa mafungu 28 tu, ungenunua 28, faida ingekuwa 5,600. Hizo 3,600 zimelala humu ndani ya beseni, na kesho zitakuwa nyeusi."

Mimi nilikuwa nangojea chakula, sikutia neno. Ningetia.

Kuanzia hapo sheria zikawekwa. Komande zinapokelewa hadi saa kumi na mbili jioni, basi. Alfajiri mama anashuka kando ya Lualaba, kwa wanawake wanaovusha mboga na mitumbwi, ananunua kile kilichoagizwa tu. Mboga inafungwa kwa jani la mgomba, kwani ndani ya mfuko wa plastiki lengalenga inatoa jasho na kuteleza kabla haijafika. Sombe ya kutwanga inatwangwa asubuhi ile ile, maana ikikaa hadi alasiri inachacha, na mteja haoni haya kuirudisha ikiwa kwenye sahani.

Mama watoto hapendi kusoma herufi ndogo, kwa hiyo kijana alimwekea kila mteja kwa picha: mwembe, mlango wa buluu, mbuzi mweupe. Ni busara, kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina namba hata hivyo. Shida ni kwamba mbuzi anahama. Nimezunguka nusu ya Mikelenge na fungu la matembele nikiulizia mbuzi, watu wakadhani nimeibiwa.

Halafu kuna wasio na yunite. Hao wanabipu. Walikubaliana kwamba bipu moja maana yake ni "kama kawaida", mbili maana yake "nipigie". Ikaenda vizuri hadi mtoto wa mteja mmoja alipochezea simu ya mama yake. Nilifika na mafungu 3 ya sombe, mwenye nyumba akaniambia kwamba leo wanakula maharage. Kijana akabadili sheria: bipu si komande mpaka mama apige mwenyewe kuhakikisha. Kwa hiyo akamtafutia simu ya laini mbili, kila mteja apigiwe kwa mtandao wake, maana kupiga mtandao kwa mtandao kunaweza kula faida ya fungu zima.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa juu ya fungu. Sokoni fungu halina ugomvi: mteja analiona, analipima kwa mkono, ananung'unika, anaongezewa majani mawili ya bongeza, wanaachana wakicheka. Kwenye simu haoni kitu. Kijana akapiga picha ya fungu moja zuri, bichi, lenye umande, akaiweka wasap. Kesho yake kila mteja alinisimamisha mlangoni, simu mkono mmoja, mboga mkono wa pili, akilinganisha kama askari na kitambulisho. "Papa, hili si lile."

Dawa ilikuwa kipande cha waya. Kijana alikizungusha kwenye fungu la kawaida la mama yake, akafunga kitanzi. Tangu hapo kila fungu linapitishwa humo. Likipwaya linaongezwa majani, likigoma linapunguzwa. Kuhusu bongeza mama alikataa katakata kuifuta, akisema mtu asiyepewa bongeza hawezi kuitwa mteja. Wakapatana: ni kwa mwenye kuagiza mafungu 5 kwenda juu.

Malipo nayo yana maneno yake. Mama mmoja alinionyesha mlangoni kwamba amekwisha tuma pesa ya simu, na kweli ujumbe ulikuwa umeingia kwa mke wangu, wenye kiasi na shukrani. Kijana akauchungulia: umetoka kwenye namba ya mtu, si kwenye jina ambalo ujumbe wa pesa hutoka siku zote. Akafungua salio, halikuwa limesogea hata franga. Tangu siku hiyo ujumbe hauaminiwi, linaaminiwa salio. Mteja mpya anatanguliza nusu. Na anayelipa dola anaambiwa kiwango kabla ya komande, ili nisigeuzwe kambiste kwenye vizingiti vya watu.

Nilidhani nimeona yote, ikaja komande ya Alunguli. Alunguli iko ng'ambo, na Kindu hatuna daraja. Mto unavukwa kwa mtumbwi au kwa baki. Mteja alitaka mafungu 6. Faida ya mama ni 200 kwa fungu, jumla 1,200. Mtumbwi 500 kwenda, 500 kurudi. Zikabaki 200, na nusu siku yangu, na kaptula iliyolowa. Nilidhani hesabu hiyo itanikomboa. Badala yake kijana aliipenda. Alisema ng'ambo haifai kwa mteja mmoja, lakini mafungu 30 kwa safari moja yanaleta 6,000, toa 1,000 za mtumbwi. Sasa wateja wa Alunguli wameambiwa waagize pamoja, Jumanne na Ijumaa, nami nawangojea pale ufukweni kama mtoza kodi.

Mshahara wangu? Niliuliza. Kijana alinijibu kwa upole kwamba mwenye moto angetaka pesa ya mafuta, ndiyo maana hesabu inakubali kinga tu. Mama yake akaongeza, "Papa, si unafanya mazoezi?"

Haya yote ningeyameza. Nisiloweza kumeza ni jambo ambalo kalamu ya kijana haikuliona jioni ile. Yale mafungu 12 yaliyokuwa yakibaki, yale aliyoyaita hasara, yalikuwa yakienda wapi? Mawili kwa jirani, machache kwa mbuzi, na yaliyobaki kwenye chungu chetu, na mawese na pilipili. Miaka yote tulikula mboga bila kununua mboga. Sasa mama ananunua kilichoagizwa, anauza kilichonunuliwa, beseni linarudi limesuguliwa. Faida imepanda, sikatai, nimeiona kwa macho. Lakini siku ya tatu mfululizo ya ugali na chumvi nikauliza, "Mama watoto, nyumba hii ya muuza mboga, mboga iko wapi?"

Hakuinua macho kwenye simu. "Uliagiza?"

Jana saa kumi na moja jioni nikabipu mara moja. Akanipigia kutoka chumba cha pili. Mafungu mawili ya sombe, nikasema, na bongeza.

"Bongeza ni kuanzia 5," akasema. "Na wewe ni mteja mpya. Tanguliza nusu."