Jinsi ya Kuinua Dumu Lilelile Mara 15 na Kuliacha Palepale

Tafuta dumu la lita 20 lenye mpini imara na kifuniko kinachokaza, kisha jiandae kuulizwa. Tandika au Tegeta, mama wa miaka 58 akionekana uani anainua dumu na kulirudisha palepale, jirani hapiti kimya. Mjibu kwamba unajenga nyonga. Akicheka, mpishe naye ajaribu.

Najua utakachosema: ndoo umebeba tangu utotoni, dumu litakuongezea nini? Shida ni kwamba ndoo hiyo mifupa yako imeshaizoea. Mfupa hujiimarisha unapolemewa kuliko ulivyozoea, na hedhi inapokoma homoni ya estrojeni hupungua, mfupa ukawa unaliwa upesi kuliko unavyojengwa. Mchakamchaka wa Jumamosi uendelee, moyo na sukari vinauhitaji, lakini kwa uti wa mgongo na nyonga hautoshi.

Watafiti wa Queensland, Australia, walilipima jambo hili kwa wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua. Matokeo yalitoka 2018. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito mara 2 kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya uangalizi, kwa miezi 8. Kundi jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Msongamano wa mifupa ya kiuno ya wanyanyuaji uliongezeka kwa takriban asilimia 3, wa wenzao ukapungua kwa zaidi ya asilimia 1. Uzito ni miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha, nami sitaki ubaki kwenye kundi la pili.

Sasa kazi. Vua kandambili. Mimina dumuni chupa 4 za maji za lita moja na nusu. Hizo ni kilo 6. Liweke juu ya tofali mbili, usimame miguu ikiwa upana wa mabega, dumu likiwa katikati ya nyayo. Sukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango huku mikono imejaa vyombo, kunja magoti kidogo, shika mpini kwa mikono miwili, inuka huku ukitoa pumzi. Lishushe vilevile, bila kulitupa. Mara 5, pumzika dakika 2, na hivyo mikupuo 3.

Mgongo ndio wa kuchunga. Kabla ya kugusa dumu, binti yako akulazie mpini wa fagio mgongoni: uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Ukiinama na mpini ukaachana na sehemu mojawapo, umepinda, na mgongo uliopinda ukiwa na mzigo ndio unaovunja pingili dhaifu. Ukifanya sawasawa, uchovu utausikia makalioni na nyuma ya mapaja. Kiuno kikilalamika, punguza maji na urudi kwenye fagio.

Jumatatu na Alhamisi zinatosha. Kila wiki ongeza chupa moja, ila tu kama mnyanyuo wa 5 wa mkupuo wa mwisho umetoka mgongo ukiwa umenyooka. Ukienda hivyo bila kukwama, wiki ya 10 dumu lina lita 19.5. Hapo badili maji kwa mchanga mkavu, na uanzie nusu dumu, kwa sababu dumu zima la mchanga hupita kilo 30. Uzito unaofaa ni ule ambao baada ya mara 5 unahisi ungeweza mbili nyingine, si kumi.

Kuanguka nako kuna dawa yake, maana nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka. Ukisubiri chai ichemke, simama pembeni ya ukuta kwa mguu mmoja, vidole vikigusa ukuta, sekunde 10 kila upande. Ikiwa rahisi, ondoa vidole. Ikiwa rahisi tena, geuza kichwa kulia na kushoto taratibu, maana ndivyo unavyofanya unaposhuka daladala Mbagala na bodaboda inakuja.

Kabla ya yote haya, simama ukutani bila viatu, upimwe urefu. Ukiwa umefupika sentimita 4 au zaidi kuliko ujanani, umewahi kuvunjika mkono kwa kuteleza tu, au una maumivu ya ghafla ya mgongo, usiguse dumu: nenda hospitali upigwe eksirei kwanza. Presha iliyopanda nayo ishushwe kwanza. Na mazoezi ya kukunja tumbo ukiwa umelala chali, yale ya kuinua kichwa na mabega, waachie vijana.

Ukienda msibani Tanga ukakaa wiki 2, ukirudi usianzie pale ulipoishia. Punguza chupa 2, umalize mikupuo yote, halafu Alhamisi urudishe moja.